Mandela kizimbani: tuache kupaka rangi sentensi

Kuna staili moja ya kuchambua hotuba imezoeleka sana na mimi imenichosha. Mtu anachukua hotuba ya mwanasiasa, anaipitia sentensi kwa sentensi akiwa na kalamu za rangi tatu. Hapa kataja elimu yake, basi hiyo ni ethos, yaani uaminifu wa mzungumzaji, paka njano. Hapa kataja watoto wanaoteseka, pathos, yaani hisia, nyekundu. Hapa kuna asilimia, logos, yaani hoja, bluu. Mwisho anahesabu rangi anatangaza kwamba mzungumzaji "ametumia pathos zaidi". Sawa, halafu? Bado hujaniambia kwa nini watu walishawishika, au kwa nini waligoma kushawishika, na ukweli ni kwamba hotuba hiyohiyo ukizipangua aya zake ukazichanganya ovyo rangi zitabaki zilezile, idadi ileile, ila hotuba yenyewe itakuwa imekufa.

Kwa hiyo leo nachukua hotuba moja tu tuitazame kwa karibu, na nimechagua ile ya Nelson Mandela aliyoitoa Pretoria tarehe 20 Aprili 1964 kwenye kesi ya Rivonia. Sababu ni kwamba ile hotuba ina kitu ambacho hotuba nyingi za siasa hazina: kulikuwa na msikilizaji mmoja, jaji Quartus de Wet, ambaye alilazimika kutoa jibu hadharani, likaandikwa. Mikutano ya hadhara watu wanapiga makofi wanaenda zao, hujui nini kiliingia na nini kilipita. Hapa angalau kuna sehemu tunajua.

Mazingira kwa ufupi. Mandela alikuwa tayari gerezani tangu Agosti 1962, anatumikia miaka mitano. Julai 1963 polisi wakavamia shamba la Liliesleaf kule Rivonia, wakakamata wenzake na makaratasi mengi, na yeye akatolewa gerezani akaunganishwa kwenye kesi ya hujuma ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kunyongwa. Upande wa utetezi ulipoanza, badala ya kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa na mwendesha mashtaka, akachagua kusoma taarifa akiwa kizimbani. Mwendesha mashtaka Percy Yutar hakutegemea hilo kabisa, akasimama akamwomba jaji amweleze mshitakiwa kwamba taarifa ya namna hiyo uzito wake kisheria ni mdogo. Jaji akamjibu kwamba mawakili wa utetezi wana uzoefu wa kutosha wa kumshauri mteja wao. Basi Mandela akasoma, kwa muda wa karibu saa tatu.

Hapo kabla hata hajafungua mdomo uchambuzi umeshaanza, maana ule ulikuwa uamuzi wa kibalagha kabisa: alikubali kupoteza uzito wa ushahidi mbele ya jaji ili apate kuzungumza bila kukatizwa, hoja ifuatane na hoja nyingine kwa mpangilio anaoutaka yeye. Mtu anayemlenga jaji peke yake hafanyi hivyo. Kuna wasikilizaji wengine nje ya ukumbi, ndani ya Afrika Kusini na duniani, na hilo lishike kichwani kwa sababu karibu kila kitu kwenye hotuba kina masikio mawili.

Sasa ethos. Wengi wanadhani ethos ni CV, yaani mtu ana digrii, kapigana vita, basi tumwamini. Aristotle hakusema hivyo. Yeye alisema imani inayohesabika kwenye ufundi wa kushawishi ni ile inayojengwa na hotuba yenyewe, sio sifa ulizokuja nazo kutoka nyumbani, na akataja vitu vitatu ambavyo msikilizaji anavipima: busara yako, uadilifu wako, na nia njema yako kwake yeye. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika sana.

Tazama Mandela anavyoanza. Anasema yeye ni mshitakiwa wa kwanza, ana shahada ya sanaa, amefanya kazi ya uwakili Johannesburg kwa miaka kadhaa akishirikiana na Oliver Tambo. Halafu moja kwa moja, bila hata kupumua, anasema ni mfungwa aliyehukumiwa miaka mitano kwa kuondoka nchini bila kibali na kwa kuchochea watu wagome mwishoni mwa Mei 1961. Yule mpaka rangi atapaka njano sehemu ya shahada na uwakili akaendelea na safari. Mimi naona kazi yote inafanywa na ile ya pili. Digrii na ufungwa vimewekwa bega kwa bega kwa sauti ileile, hakuna "lakini", hakuna kujitetea, na msikilizaji anaachwa mwenyewe ajiulize ni nchi gani hii ambayo wakili anakuwa mfungwa kwa kosa la kusafiri.

Halafu inakuja ile kubwa. Anakanusha kwanza kwamba mapambano yanaendeshwa na wageni au wakomunisti, kisha anasema mambo mengine iliyoambiwa mahakama ni kweli na mengine si kweli, na kwamba yeye hakatai kuwa alipanga hujuma. Anakiri! Kwenye kesi ambayo anaweza kunyongwa. Lakini fikiria hesabu yake. Serikali ilikuwa na nyaraka na mashahidi wa kutosha kuthibitisha sehemu kubwa ya mashtaka, kwa hiyo kubishana "nilifanya au sikufanya" ni kupigana vita ambayo umeshashindwa, na kila unapokanusha kitu kilichothibitishwa unapoteza uaminifu kwenye vitu vingine. Alipokiri, swali likahama. Sio tena kama alifanya, ila kwa nini alifanya, na hilo la pili ndiko alikokuwa na nguvu. Faida nyingine ni kwamba mtu aliyekiri kosa la kumnyongesha, akija baadaye akasema matukio fulani hayakufanywa na Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama chake cha ANC, kukanusha kwake kunakuwa na thamani. Hiyo ndiyo ethos inayofanya kazi, imetengenezwa ndani ya hotuba, na imewekwa mwanzoni kwa sababu logos yote inayofuata inaikopa.

Logos sasa. Mzizi wa hoja yake ni kuondoa njia moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja. ANC ilianzishwa 1912, kwa miaka 37 mpaka 1949 ikafuata katiba na sheria tu, maombi, ujumbe, barua, na haki za Waafrika zikazidi kupungua. Baada ya 1949 wakaongeza maandamano ya amani na kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi. Kampeni ya 1952 zaidi ya watu 8,500 waliingia jela na anasisitiza hakukutokea vurugu hata moja kutoka kwao. Ikaja Sharpeville 1960, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, ANC ikapigwa marufuku. Wakaitisha mgomo wa kukaa nyumbani 1961, serikali ikajibu kwa kukusanya jeshi. Ndipo mwaka huohuo wakaamua kwamba kuendelea kuhubiri amani wakati serikali inajibu amani kwa nguvu haina uhalisia.

Kila hatua ina jibu la serikali pembeni yake, na hapo ndipo mnyororo unapopata nguvu. Hasemi tu "tulijaribu", anasema tulijaribu hiki na mkatujibu hiki.

Halafu anafanya kuondoa kwa mara ya pili, safari hii ndani ya vurugu zenyewe. Anasema kulikuwa na aina nne zinazowezekana: hujuma, vita vya msituni, ugaidi, na mapinduzi ya wazi. Wakachagua ya kwanza na kuamua kuimaliza kabisa kabla ya kufikiria nyingine, kwa sababu hujuma haikukusudiwa kuua watu na iliacha nafasi ya mahusiano mazuri kati ya watu wa rangi tofauti baadaye. Unaona nia njema ilivyojipenyeza humo? Ni hoja ya mkakati kabisa, ukiisoma haraka unasema bluu, ila inamwambia Mzungu anayesikiliza kwamba wewe ulikuwepo kwenye mahesabu yetu na uhai wako tuliuhesabia.

Sasa mchambuzi mzuri haishii kusifia, lazima aulize dhana iliyofichwa iko wapi. Kwenye hotuba za siasa karibu kila hoja imeacha kitu hakijasemwa, msikilizaji anakijazia mwenyewe bila kujijua, na hiyo ndiyo inamfanya ajisikie hoja ni yake. Hapa dhana iliyofichika, ambayo nusu anaisema na nusu anaiacha, ni kwamba vurugu zilikuwa zinakuja vyovyote vile, kwa hiyo swali lililobaki ni nani aziongoze na kwa mipaka gani. Ukiikubali hiyo, hujuma inaonekana kama breki. Ukiikataa, ukasema hapana, kulikuwa bado na muda wa kungoja, mnyororo mzima unalegea. Ndiyo maana anatumia muda mrefu sana kuonyesha kwamba watu walikuwa wameshaanza kupoteza imani na njia ya amani na makundi madogo yalikuwa yanajipanga yenyewe. Muda mrefu hivyo kwenye sehemu moja ni dalili nzuri, mara nyingi mzungumzaji anakaa sana pale anapojua ukuta wake ni mwembamba.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya takwimu za umaskini, maana pale ukijaribu kutenganisha vitu vitatu unashindwa. Anasema kiwango cha chini cha familia ya Kiafrika kuishi Johannesburg ni randi 42.84 kwa mwezi, na wastani wa mshahara ni randi 32.24. Angeishia hapo ningemuuliza swali: mshahara ni wa mtu mmoja, kiwango ni cha familia, je kama wanafanya kazi wawili? Wastani kuwa chini ya mstari hakuthibitishi peke yake kwamba familia zina njaa. Ila anaongeza kwamba asilimia 46 ya familia zote za Kiafrika Johannesburg hazipati kiasi cha kujikimu, na hiyo sasa inahesabu familia, tundu limezibwa. Na takwimu zenyewe anazitoa kwa meneja wa idara ya jiji iliyokuwa inashughulikia watu wasio Wazungu, yaani anaipiga serikali kwa rula ya watu wa mfumo wake wenyewe.

Kisha elimu. Mwaka 1960-61 serikali ilitumia makadirio ya randi 12.46 kwa kila mwanafunzi Mwafrika kwenye shule zinazosaidiwa na serikali, na kwa mtoto wa Kizungu wa jimbo la Cape randi 144.57. Ni zaidi ya mara 11. Lakini mpaka rangi hapa anakosa kitu kitamu: katikati ya sentensi hiyo Mandela anachomekea kwamba hizo za Cape ndizo takwimu pekee alizoweza kuzipata. Nani anafanya hivyo kwenye hotuba ya siasa? Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kusema tu "watoto wa Kizungu" na watu wangeitikia. Kale kachomekeo kanapunguza ukali wa namba kidogo na kuongeza uaminifu wa mtu mzima, na mtu akikuonyesha mwenyewe mahali namba yake inapoishia unamwamini kwenye zile nyingine ambazo huna muda wa kuzikagua.

Na hapohapo anajibu utetezi wa serikali kabla haujaletwa, ule wa kwamba Waafrika wa Afrika Kusini wana hali nzuri kuliko Waafrika wa nchi nyingine. Hahangaiki kuupinga. Anasema hajui kama ni kweli, ila hata kama ni kweli haihusiki, maana malalamiko yao si kwamba ni maskini ukiwalinganisha na watu wa nchi nyingine, ni kwamba ni maskini ukiwalinganisha na Wazungu wa nchi yao, na sheria zinawazuia kubadilisha hali hiyo. Wanasiasa wengi wangeingia mtego wakaanza kubishana kuhusu mishahara ya Ghana. Yeye kaukataa mzani wenyewe.

Pathos ndo watu wanaidhani ipo mwisho kabisa kwenye ile aya maarufu ya kufa. Ipo, lakini mzigo mkubwa umeshabebwa kabla, kwenye mfululizo wa sentensi zinazoanza na "Waafrika wanataka". Wanataka mshahara wa kuwatosha kuishi. Wanataka kazi wanazoziweza, si zile ambazo serikali imetangaza kwamba wanaziweza. Wanaume wanataka kuishi na wake na watoto wao pale wanapofanya kazi, si kulazimishwa kwenye mabweni ya wanaume. Wanawake wanataka kuwa na waume zao, si kuachwa wajane wa kudumu huko kwenye maeneo yaliyotengwa. Wanataka kuruhusiwa kutoka nje baada ya saa tano usiku, si kufungiwa vyumbani kama watoto wadogo.

Isome tena hiyo ya saa tano usiku. Hakuna damu, hakuna kilio, hakuna neno hata moja la kuumiza moyo. Ni mtu mzima anataka kutoka nje usiku. Uchungu unatoka kwenye udogo wa ombi. Na ukiangalia muundo, karibu kila sentensi ina nusu mbili, tunataka hiki na si kile, na hicho "kile" karibu kila mara ni sheria au utaratibu uliokuwepo siku ile, unaweza kwenda kuufungua ukausoma: vibali, kafyu, maeneo yaliyotengwa, ofisi ya kazi inayokuamulia ukatafute wapi ajira. Kwa hiyo hisia imepanda juu ya kitu kinachokaguliwa. Hicho ndicho kipimo changu cha pathos ya hotuba yoyote, ondoa maneno ya kusisimua kisha angalia kama dai lililobaki lina anwani. Kuna hotuba ukizikamua hivyo hakibaki kitu, unabaki na "wananchi wetu wanateseka" na basi.

Kingine cha kutazama kwenye maandishi ni nani anayezungumza. Orodha inaanza na "Waafrika wanataka", kama ripoti vile. Ikifika kilele, haki sawa za kisiasa, inageuka kuwa "sisi tunataka". Na kwenye aya ya mwisho inakuwa "mimi". Wao, sisi, mimi. Duara linabana mpaka anabaki mtu mmoja na roho yake mkononi, na kwa kuwa lilibanwa polepole ile "mimi" haisikiki kama majivuno.

Aya ya mwisho yenyewe mnaijua: amepigana dhidi ya utawala wa Wazungu na amepigana dhidi ya utawala wa weusi, ana ndoto ya jamii huru ya kidemokrasia, anatumaini kuishi kwa ajili yake na kuifikia, lakini ikibidi yuko tayari kuifia. Lile "ikibidi" lilipendekezwa na mmoja wa mawakili wake, George Bizos, na nadhani ni mojawapo ya marekebisho madogo yenye faida kubwa kwenye historia ya hotuba. Bila hilo mtu anaonekana anamtambia jaji, haya ninyonge basi, au anatafuta kuwa shahidi wa mapambano. Likiwepo, kifo kinakuwa gharama anayoikubali, si zawadi anayoiomba, na busara ile aliyoijenga tangu mwanzo haimwagiki kwenye sentensi ya mwisho.

Sasa je, ilifanya kazi? Hapa ndipo inabidi tuwe wakweli kuliko mabango ya kwenye kuta za ofisi. Ile logos ya aina nne za vurugu ilikwenda mbali. Mwishoni mwa kesi, baada ya mashahidi wengine wa utetezi kuhojiwa kwa ukali kuhusu jambo hilohilo, jaji alimbana Yutar akubali kwamba hakuweza kuthibitisha kuwa uamuzi wa kuanza vita vya msituni ulishafikiwa, na Yutar ikabidi akubali shingo upande. Ethos je? Wakati wa kutoa adhabu, tarehe 12 Juni 1964, de Wet alisema hakushawishika kwamba nia za washitakiwa zilikuwa za kujitolea kiasi walichotaka mahakama iamini, kwamba watu wanaopanga mapinduzi kwa kawaida ndio wanaoshika serikali, na tamaa binafsi haiwezi kuondolewa kama sababu. Yaani mtu amekiri, amefungua takwimu zake, amesema yuko tayari kufa, na msikilizaji wa mbele kabisa bado anasema labda unataka cheo. Uaminifu unaojengwa ndani ya hotuba una kikomo pale msikilizaji anapokuwa na sababu zake za kutoutaka.

Na kuna jambo la nje ya maandishi ambalo mchambuzi haruhusiwi kulificha. Kwenye hotuba Mandela alikanusha kuwa mkomunisti, akajieleza kama mzalendo wa Kiafrika anayevutiwa hata na bunge la Uingereza. Desemba 2013, alipofariki, Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini kilitoa taarifa kwamba alipokamatwa Agosti 1962 alikuwa mwanachama wake na yumo kwenye kamati kuu. Kuna wanaosema ilikuwa mbinu tu ya kupata washirika, kuna wanaosema hakuwahi kuamini itikadi yenyewe, mimi nasema kwa uchambuzi wa ushawishi jambo moja liko wazi: ethos iliyo ndani ya hotuba ni kitu kilichotengenezwa, inaweza kupimwa kama imetengenezwa vizuri, na hilo halijibu swali kama kila tofali lake ni la kweli. Hayo ni maswali mawili na yanahitaji kazi mbili, moja unafanya na maandishi mbele yako na nyingine unafanya kwenye nyaraka.

Adhabu ikawa kifungo cha maisha. Wengi wanasimulia kama vile hotuba ndiyo iliyowaokoa na kamba, lakini sababu aliyoitoa jaji mwenyewe ni kwamba kosa kwa asili yake lilikuwa uhaini, ila serikali ilichagua kutoshitaki kwa uhaini, kwa hiyo hatatoa adhabu ya juu kabisa. Hotuba haikutajwa hapo. Shinikizo la nje lilikuwepo, mawakili walifanya kazi kubwa, hotuba ilikuwa imeshachapishwa magazetini, na nani alisukuma kiasi gani ndani ya kichwa cha de Wet hakuna kalamu ya rangi itakayotuonyesha.